Feni kuunguruma na chaji kutokukaa: shusha dari ya prosesa, acha wepesi wake

*"Fundi, habari za kazi. Natumia HP EliteBook 840 G5 niliyonunua ikiwa imeshatumika, prosesa ni i5-8250U, RAM GB 8, Windows 11. Niko Dodoma. Mchana niko Mtumba ofisini naandika mihutasari ya vikao, jioni niko nyumbani Ilazo narekodi na kuhariri masomo ya sauti. Feni inaunguruma mpaka inasikika kwenye rekodi. Nikiweka Power saver inatulia, lakini mashine inakuwa nzito hata kufungua Word. Nikiweka High performance inachangamka, ila feni inalia na chaji inakaa saa moja na nusu tu. Ripoti ya betri nimekutumia. Nifanyeje ili feni itulie bila mashine kuwa nzito na bila chaji kuisha?"*

Njema, ndugu yangu. Ripoti nimeiona, nitaifikia. Kwanza tuelewane kuhusu hiyo mipango miwili unayoipishanisha, maana yote miwili haigusi moja kwa moja chanzo cha kelele inayokusumbua.

Power saver na High performance ni mipango ya umeme ya Windows. Mazungumzo yake ni na prosesa, na jambo kubwa inaloiambia ni hili: kazi ikija, uwe mwepesi kiasi gani kupandisha kasi, na kazi ikiisha, uwe mwepesi kiasi gani kushuka. Power saver inaiambia prosesa isite. Unabofya Word, prosesa inapanda shingo upande, na wewe unausikia ule uzito kwenye kidole. High performance inafanya kinyume chake, tena kwa kupitiliza: kiwango cha chini cha kasi kinawekwa asilimia 100, kwa hiyo prosesa haishuki vizuri hata ukiwa umekaa tu unasoma ukurasa. Hapo unalipia umeme ambao hauna kazi.

Kitu ambacho mipango yote miwili inakiacha vilevile ni dari, yaani kasi ya juu kabisa ambayo prosesa inaruhusiwa kufika. Yako ni ya viini vinne, kasi yake ya msingi ni gigahezi 1.6, na ikiruhusiwa turbo inafika 3.4. Kelele zako nyingi zinatokea huko juu, kwenye turbo. Uzito unaousikia unatokana na kusita kupanda. Kwa kuwa ni mambo mawili tofauti, dawa yake nayo ni kuyatenganisha: iache prosesa iwe nyepesi kupanda, halafu iwekee dari ya chini kidogo.

Kuhusu feni yenyewe, Windows haiiendeshi. Kwenye ubao mama kuna chipu ndogo inayosoma joto la prosesa, na ndani yake kuna jedwali: joto likifika hapa, zungusha hivi, likizidi, zungusha zaidi. Jedwali hilo liliandikwa kiwandani, na kwa mashine yako huna kitufe cha kulibadilisha. Utakuta watu wanashauri uingie kwenye mipangilio ya umeme, utafute System cooling policy, uiweke Passive. Kwa mashine ambazo feni yake inasimamiwa na chipu yake, mara nyingi hutaona tofauti yoyote. Njia ya uhakika ya kuituliza feni ni kuipunguzia joto, na joto lote linalotoka kwenye prosesa ni wati zilizoingia humo.

Sasa kwa nini dari? Prosesa ikipanda kasi huhitaji volti kubwa zaidi, na umeme inaotumia hufuata kasi ikizidishwa na volti mara mbili, yaani volti kwa kipeo cha pili. Chukua mfano: kasi inatoka gigahezi 1.8 hadi 3.4, na volti inatoka 0.75 hadi 1.05. Kasi imekaribia mara mbili. Volti imepanda mara 1.4, ambayo kwa kipeo cha pili ni karibu mara mbili nyingine. Zizidishe: umeme umekaribia mara nne kwa kazi inayokwenda mara mbili tu. Sehemu ya mwisho ya kasi ndiyo ya ghali kuliko zote, na kwa mtu anayeandika mihutasari, hiyo ndiyo sehemu asiyoitumia.

Upande wa feni nao una hesabu inayokupendelea. Hewa inayosukumwa inafuata mizunguko moja kwa moja: punguza mizunguko kwa asilimia 20, hewa inapungua asilimia 20. Kelele haifuati hivyo, yenyewe inaanguka haraka zaidi. Feni ikitoka mizunguko 5,000 kwa dakika kwenda 4,000, kelele inapungua karibu desibeli 5. Ikishuka hadi 3,000 inapungua karibu desibeli 11, na sikio la binadamu linaisikia hiyo kama nusu ya kelele ya mwanzo. Ndiyo maana huhitaji kupunguza wati nyingi sana ili chumba kitulie. Punguzo dogo pale juu linasikika.

Twende kwenye kazi. Bofya kitufe cha Start kwa upande wa kulia wa kipanya, chagua Terminal (Admin), kisha andika:

```
powercfg /setactive SCHEME_BALANCED
```

Hii inakurudisha kwenye mpango wa Balanced. Usiruke hatua hii. Ukiwa umebaki kwenye High performance au Power saver, ile sehemu ya Power mode iliyoko Settings, kisha System, kisha Power & battery, haikubali kubadilishwa, na watu wengi hudhani Windows imeharibika. Ukisharudi Balanced itafunguka. Nayo iweke Balanced, kwa chaja na kwa betri. Usiiweke Best power efficiency, kwa sababu utakuwa unarudisha kule kusita tulikokukimbia.

Sasa dari:

```
powercfg /setdcvalueindex SCHEME_CURRENT SUB_PROCESSOR PROCFREQMAX 2000
powercfg /setacvalueindex SCHEME_CURRENT SUB_PROCESSOR PROCFREQMAX 2600
powercfg /setactive SCHEME_CURRENT
```

Mstari wa kwanza ni wa betri, unasema prosesa isizidi megahezi 2000. Wa pili ni wa chaja, isizidi 2600. Wa tatu ndio unaofanya mabadiliko yaanze kazi. Ukiusahau utakaa ukisubiri tofauti isiyokuja. Namba hizo ni pendekezo langu kwa prosesa yako na kazi zako, si sheria. Kwa 2000, Word, Excel ya kawaida, kivinjari chenye vichupo kadhaa na kikao cha Zoom vinakwenda bila kukukera. Ukiona Zoom inakwama unaposhirikisha skrini, panda hadi 2200 ujaribu tena.

Hakikisha imeshika. Fungua Task Manager, nenda Performance, kisha CPU, uangalie namba iliyoandikwa Speed. Fungua programu tatu nne kwa mkupuo. Kwenye betri, namba hiyo isipite 2.0 na pointi kidogo. Ikiruka hadi 3, basi hukurudi Balanced au umesahau mstari wa mwisho.

Labda umewahi kusikia ile njia nyingine ya kuweka Maximum processor state asilimia 99. Inafanya kazi, na ni ya zamani kuliko hii. Tatizo lake ni kwamba inazima turbo yote kwa mara moja, na prosesa yako inabaki karibu na kasi yake ya msingi, kati ya 1.6 na 1.8. Kwenye betri hilo linavumilika. Kwenye chaja, ukiwa na faili kubwa la Excel, ni kujinyima bila sababu. Mimi napendelea kuchagua namba mwenyewe. Atakayesoma hapa akiwa na prosesa ya kizazi cha 12 kuendelea yenye viini vya aina mbili ajue kwamba kuna mpangilio wa pili unaoitwa PROCFREQMAX1, kwa sababu kila aina ya viini ina dari yake. Wewe haukuhusu.

Kuna hoja utakayokutana nayo, kwamba ni afadhali prosesa ikimbie, imalize kazi haraka, ipumzike. Hoja hiyo ina ukweli kwa kazi fupi yenye mwisho. Ukihariri somo la dakika 40 na kulitoa kwa MP3, ukaifanya kazi hiyo kwa kasi ndogo, skrini na vifaa vingine vinaendelea kula umeme muda wote unaosubiri. Lakini Zoom haiishi mapema kwa sababu prosesa ina kasi. Kikao cha saa mbili ni saa mbili. Kuandika nako ni hivyohivyo. Kwa hiyo kazi ya kutoa faili ifanye ukiwa kwenye chaja, na kama una haraka, iondoe dari kwa muda:

```
powercfg /setacvalueindex SCHEME_CURRENT SUB_PROCESSOR PROCFREQMAX 0
powercfg /setactive SCHEME_CURRENT
```

Sifuri maana yake hakuna dari. Feni italia, mwache ilie, toka nje unywe chai. Ukirudi, weka 2600 tena.

Sasa kurekodi, ambako ndiko kunakokuuma zaidi. Jambo la kwanza lipo kwenye BIOS. Zima mashine, iwashe huku ukigonga F10, ingia Advanced, kisha Built-In Device Options, utafute maneno haya: Fan Always on while on AC Power. Kama yana alama ya tiki, feni yako haizimi kabisa ukiwa kwenye chaja, hata prosesa ikiwa ya baridi. Ondoa tiki, hifadhi, toka. Hiyo feni ya muda wote haikuwekwa kwa ubaya, inapunguza joto la sehemu ya chini ya mashine, lakini kwa mtu anayerekodi ni adui. Usishangae baada ya hapo ukiigusa mashine na kuikuta ina uvuguvugu zaidi kuliko ulivyozoea.

La pili ni rahisi mpaka linachekesha: ukianza kurekodi, chomoa chaja. Mashine itahamia yenyewe kwenye dari ya betri ya 2000, na kama unatumia maikrofoni ya waya, utaondokana pia na ule mvumo wa umeme ambao chaja nyingi huupitisha kwenye rekodi. Dakika chache kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi, funga kivinjari chote. Kichupo kimoja chenye video au matangazo yanayocheza kinatosha kuipandisha feni katikati ya sentensi yako. Kisha iache mashine ipoe kwanza. Mapezi ya shaba na alumini yaliyo ndani hushika joto, na feni haishuki papo hapo kwa sababu tu kazi imeisha; jedwali lake limewekwa lichelewe kidogo ili feni isiwe inapanda na kushuka kila sekunde.

Na uweke kompyuta juu ya kitu kigumu. Kitandani ni marufuku, blanketi linaziba matundu ya chini ambako hewa inaingilia.

Yote haya yanachukulia kwamba mashine ni safi ndani. Kwa Dodoma, na kwa mashine iliyokwisha kutumika miaka kadhaa, mimi nisingelichukulia hivyo. Hesabu ya joto ni hii: joto la prosesa ni joto la chumba, ukijumlisha nyuzi zinazoongezwa na kila wati. Tuseme mashine safi inaongeza nyuzi 3 kwa kila wati. Prosesa yako imeundwa kwa wati 15 za muda mrefu, kwa hiyo ikibebeshwa kazi kamili inaongeza nyuzi 45. Asubuhi chumba kikiwa na nyuzi 23, prosesa inakaa 68. Mchana wa Oktoba au Novemba, chumba kikiwa na nyuzi 32, kwa kazi ileile inakaa 77. Hujabadilisha kitu, lakini jedwali la feni limekuhamishia mstari mwingine. Sasa weka vumbi. Kila wati ikianza kuongeza nyuzi 4 badala ya 3, mchana huohuo prosesa inafika 92, na kikomo chake ni 100. Hapo feni inazunguka yote, na prosesa inaanza kujipunguza kasi yenyewe. Unapata kelele na uzito kwa pamoja.

Mji wenyewe nao unachangia kidogo. Dodoma iko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kwa takriban asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam. Feni ikizunguka sawasawa na ya Dar, inasukuma hewa yenye uzito mdogo zaidi, hivyo inabeba joto pungufu. Si kitu cha kukukosesha usingizi. Ila kama ndugu yako wa Dar ana mashine kama yako na anakwambia yake imetulia, usidhani mara moja kwamba uliuziwa mbovu.

Namna ya kujua kama ni vumbi: asubuhi na mapema, mashine ikiwa imelala usiku kucha, iwashe kwa betri, subiri dakika kumi Windows imalize shughuli zake za mwanzo, kisha fungua Task Manager. Utilization ikiwa chini ya asilimia 5 na feni bado inasikika waziwazi, tatizo liko ndani ya mashine, wala si mpangilio. Utilization ikiwa juu hali hufanyi kitu, usilaumu feni. Bofya safu ya CPU kwenye ukurasa wa Processes uone nani anakula. Mara nyingi ni programu ya kusawazisha mafaili, au ya kukagua virusi inayoanza kazi kila mashine inapowaka.

Ukishajua ni ndani, weka kiganja kwenye tundu linalotoa hewa huku mashine ikiwa kazini, na uwe na HWiNFO, ambayo ni ya bure, ikikuonyesha joto la prosesa. Feni ikipiga kelele na hewa inatoka kidogo lakini ya moto, mapezi yameziba kwa vumbi. Hewa ikitoka nyingi ila ya baridi, huku HWiNFO inasema prosesa iko 90 na kitu, mapezi ni mazima, ila joto haliyafikii: ile pesti kati ya prosesa na bomba la shaba imekauka. Hayo ni matatizo mawili tofauti, na ukimweleza fundi ulichokiona, hatakubadilishia feni ambayo haikuwa na kosa.

Kwenye kusafisha kuna jambo moja ambalo mafundi wenye haraka hulikosea. Vumbi hujikusanya upande wa ndani, pale feni inapokutana na mapezi, likashikana kuwa tabaka. Ukipuliza bloa kutoka nje, unalirudisha tabaka hilo kwenye feni, na feni yenyewe unaizungusha kwa kasi ambayo beringi zake hazikuumbiwa. Mashine ifunguliwe mfuniko wa chini, waya wa betri uchomolewe kwanza kabisa, feni ishikiliwe isizunguke kwa kijiti cha mbao au plastiki, tabaka litolewe kwa brashi laini, ndipo bloa ipite. Kama inafunguliwa na pesti haijawahi kubadilishwa, ibadilishwe palepale. Kwa hapa, mimi ningeifungua kila mwaka kiangazi kinapokaribia kuisha, kabla joto la Oktoba halijakolea. Mtumba bado kuna ujenzi, na vumbi la ujenzi ni laini, linaingia mbali.

Nakuja kwenye ripoti yako. DESIGN CAPACITY ni kama 50,000 mWh, na FULL CHARGE CAPACITY ni 30,400. Yaani betri ikijaa leo inashika wati-saa 30, kati ya 50 ilizozaliwa nazo. Ikiisha kwa saa moja na nusu, gawanya: 30.4 kwa 1.5 ni wati 20. Mashine yako nzima inakula wastani wa wati 20, ambazo ni nyingi mno kwa mtu anayeandika. Skrini, RAM, diski na Wi-Fi kwa pamoja haviwezi kufika hata nusu ya hizo kwa matumizi yako. Zilizobaki ni prosesa iliyokatazwa kupumzika.

Kwa Balanced yenye dari ya 2000, mwanga wa skrini ukiwa nusu, ninakadiria kazi yako ya Word na kivinjari itakula wati 8 hadi 10. Kwa wati 9, betri hiyohiyo iliyochoka inakupa saa tatu na dakika ishirini hivi. Zoom yenye kamera itakula zaidi, tuseme 13, na hapo utapata saa mbili na dakika ishirini, inayotosha kikao hata umeme ukikatika katikati. Usiniamini kwa maneno. Chomoa chaja, fungua HWiNFO, shuka kwenye sehemu ya betri, soma mstari wa Charge Rate. Unapokuwa umechomoa, namba hiyo ni hasi, na ndiyo wati zinazotoka kwenye betri wakati huohuo. Fanya kazi zako za kawaida kwa robo saa huku unaitazama. Ikikaa karibu na 9, umefika. Ikibaki 15 huku hufanyi kitu kizito, rudi kwenye Task Manager, kuna programu inayokula chinichini.

Kwa hiyo betri mpya usinunue kwanza. Fanya mabadiliko, itumie wiki nzima ya kazi, halafu uamue. Ukiona saa tatu zinakutosha, hela yako iende kwenye kusafisha na pesti. Ukinunua, mwenye duka akuruhusu uichomeke na utoe ripoti palepale:

```
powercfg /batteryreport
```

Itakuambia faili imewekwa wapi. Namba mbili nilizotaja hapo juu zinatakiwa zikaribiane sana, na CYCLE COUNT, kama inaonyeshwa, iwe chini. Betri nyingi za madukani zina stika mpya na umri wa zamani. Hata hivyo, namba hizo hutoka kwenye chipu ya betri, na chipu hurekebishika, kwa hiyo kipimo cha mwisho ni kuitumia.

Wasomaji wenye mashine za aina nyingine wataniuliza kuhusu vitufe vya hali za feni. Lenovo nyingi zina Fn+Q, Asus nyingi zina Fn+F, na Dell huziweka kwenye programu yake ya umeme. Hali inayoitwa Quiet au Whisper haipunguzi feni peke yake. Inapunguza na wati ambazo prosesa inaruhusiwa, vinginevyo mashine ingeungua, ndiyo maana inakuwa nzito. Kwenye Dell usichanganye Quiet na Cool: Cool inataka mashine iwe baridi kwenye mapaja, na inaweza kuiendesha feni zaidi. Mwenye kitufe kama hicho aanze nacho, aweke hali ya katikati, kisha ashushe dari kama nilivyokuelekeza wewe.

Jambo la mwisho kwa mashine yako. Kama baada ya yote haya, ukiwa kwenye chaja, Speed inaganda chini ya gigahezi 1 na haipandi hata ukiipa kazi, angalia chaja kabla ya kitu kingine. Mashine isipoitambua chaja, au chaja ikiwa ya wati chache kuliko inavyotarajia, hujibana yenyewe, na hakuna mpango wa umeme utakaoifungua. Stika iliyo mgongoni mwa chaja itasema volti na ampea, zizidishe. Yako inataka 45 au 65.